Kutoka Ruziba: ujumbe ambao wakala wa ajira anaweza kuutumia

Karani wa wakala wa ajira za muda hasomi ujumbe wako kama barua. Saa kumi na moja jioni anapigiwa simu na mwenye bohari karibu na bandari ya Bujumbura: anataka watu watatu wa kuhesabu mizigo, kuanzia kesho asubuhi, kwa siku nne. Karani anafungua orodha yake na kujiuliza ni nani yuko huru kesho, kisha ni nani anaweza kufika pale saa moja na nusu, na mwisho ni nani amewahi kuifanya kazi hiyo. Ujuzi, ambao waombaji wengi huupa nusu ya ujumbe, unakuja wa tatu.

Sasa tazama ujumbe uliozoeleka: "Nina bidii, nafanya kazi yoyote, wakati wowote, popote Bujumbura." Mwandishi anadhani amejifungulia milango yote. Kumbe karani hana pa kumweka, na "popote" hasa humtia shaka, kwa sababu anaujua mji.

Ruziba iko kusini, ukishapita Kanyosha, kwenye barabara ya taifa namba 3 iendayo Rumonge. Ukipanda basi la mjini, Kanyosha na Kinindo ziko upande wako, na ukishuka katikati ya mji unaweza kutembea hadi Buyenzi au bandarini. Kamenge na Kinama ni habari nyingine: ziko kaskazini, na ni lazima ubadilishe basi. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa katikati ya mji, kwa hiyo usitegemee njia ya mkato ya kupakiwa hadi getini. Siku mafuta yanapoadimika, foleni ya basi la pili ndiyo inayokuchelewesha, na aliyechelewa siku ya kwanza kwa kazi ya siku nne haitwi tena. Basi gawa maeneo mwenyewe: unayofika kila siku, unayofika kwa masharti, na usiyoyataka.

Tuchukue mkazi wa Ruziba aliyewahi kufanya kazi ya bohari. Jina na simu nimeviacha. Yeye aviweke juu kabisa, jina likiwa kama lilivyo kwenye kitambulisho.

"Habari za kazi. Naomba kuandikishwa kwa kazi za muda mfupi za bohari au dukani. Naishi Ruziba. Niko huru kuanzia tarehe 3 Agosti hadi 30 Septemba, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja. Jumamosi ni baada ya kazi za jamii. Usiku siwezi. Nafika kila siku Kanyosha, Kinindo, katikati ya mji, Buyenzi na bandarini. Kamenge na Kinama nakubali ikiwa kazi inazidi wiki moja. Nimefanya kazi miaka miwili katika bohari ya vinywaji: kupokea mizigo, kuhesabu, kujaza fishi za stoku, na kuingiza hesabu kwenye Excel. Naongea Kirundi na Kiswahili, nasoma na kuandika Kifaransa. Nikiarifiwa jioni, nafika kesho yake. Msimamizi wangu wa zamani amekubali kupigiwa simu."

Ujumbe huo unaenea kwenye skrini mbili za simu. Jumamosi imetajwa kwa sababu kila mtu Burundi anajua asubuhi ile ni ya kazi za jamii, lakini mwajiri mwenye haraka husahau. Ujuzi umeelezwa kwa vitendo. Hakuna "mchapakazi" wala "mwaminifu", maneno ambayo karani hawezi kuyapima. Kiswahili pia kina thamani yake bandarini, kwani baadhi ya mizigo hutoka Kigoma. Ikiwa cheti chako ni cha Kifaransa, taja jina la kazi kama lilivyo kwenye cheti, maana huenda ndilo karani atakalolitafuta.

Picha ya kitambulisho usiitume katika ujumbe wa kwanza. Kipeleke siku ya kusaini. Siku hiyo uliza nani anakulipa, wakala au mwenye bohari, kwa siku au kwa mwezi, na nani anayekuandikisha INSS. Mambo hayo yawe kwenye karatasi kabla hujabeba katoni ya kwanza.

Ukiombwa pesa ya kuandikishwa kupitia Lumicash, simama. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika kifungu cha 7 unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa makundi maalumu. Anayepaswa kumlipa wakala ni mwenye kuhitaji watu.

Na ukipata kibarua kwingine, mwandikie karani siku hiyohiyo: "Sitakuwa huru tarehe 10 hadi 21 Agosti." Akikupigia mara mbili ukamjibu uko kazini, mara ya tatu atampigia mwingine.