Sauti Bila Maana: Hoja ya Kusoma Kwanza kwa Lugha Mama katika Mkutano wa Wazazi, Mtera

Makala hii inachunguza hoja moja ambayo hutolewa mara nyingi katika mikutano ya wazazi na kuelezwa kwa nadra: kwamba mtoto akianza kusoma kwa lugha ya nyumbani, masomo ya baadaye humwia mepesi. Mahali palipochaguliwa ni Mtera, kwenye bwawa la Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Mzazi wa huko ana pingamizi lenye uzito. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule ya msingi ya umma, na ndiyo lugha ya upimaji wa darasa la nne. Anauliza kwa nini mwanawe apoteze muda kwa Cigogo, lugha anayoijua tayari. Kumjibu kwa kusifu utamaduni si kumjibu; swali lake linahusu namna kusoma kunavyofanyika.

Jibu laweza kuanzia kwa Gough na Tunmer, ambao mwaka 1986 walieleza kusoma kuwa zao la stadi mbili: usimbuaji, yaani kugeuza herufi kuwa sauti, na ufahamu wa lugha inayosomwa. Neno muhimu hapa ni zao, kwa kuwa stadi hizo huzidishwa, hazijumlishwi. Kwa mfano wa kufikirika tu, mtoto mwenye usimbuaji wa 0.8 na ufahamu wa 0.9 katika lugha ya nyumbani atapata 0.72. Mtoto huyohuyo, kwa usimbuaji uleule, akisoma lugha ambayo ufahamu wake ni 0.3, atapata 0.24. Mazoezi ya kutamka silabi peke yake hayawezi kuliziba pengo hilo.

Tahajia ya Kiswahili hulificha tatizo hili. Kwa kuwa herufi na sauti zinalingana kwa kiasi kikubwa, mtoto aliyejua silabi anaweza kutamka karibu sentensi yoyote bila kuielewa. Mzazi anayemsikia akisoma kwa sauti huridhika, na mwalimu mwenye darasa kubwa huridhika pia. Tuchukue sentensi hii: *Mama alihifadhi mtama ghalani.* Mtoto wa Kigogo anaweza kuisoma *Mama alihifazi mtama galani*, kwa sauti kubwa na bila kusita. Nafaka inayowekwa ndani ya tembe anaijua vizuri kuliko mwandishi wa kitabu. Asichokijua ni maneno mawili, *hifadhi* na *ghala*, na maneno hayo ndiyo yanayobeba habari yote.

Kipimo chake ni chepesi, na ndicho kinachofaa kupewa wazazi mkutanoni. Mtoto asome aya fupi ambayo hajawahi kuiona, kisha asimulie kwa Cigogo alichosoma. Baadaye asomewe aya nyingine ya kiwango hichohicho, naye aisimulie vilevile. Akisoma vizuri lakini akashindwa kusimulia zote mbili, tatizo ni lugha. Akisimulia vizuri aliyosomewa lakini akakwama kwenye aliyosoma mwenyewe, tatizo ni usimbuaji. Tiba za matatizo hayo hazifanani, na kosa la kawaida ni kumpa wa kwanza dawa ya wa pili: anarudishwa kwenye *ba, be, bi*, ambako hakuwa na shida.

Faida ya kuanza na lugha mama inaonekana zaidi katika hatua ya kujisahihisha. Mtoto anayeunganisha *ma-le-nga* anafika kwenye neno la maji analolisikia nyumbani kila siku, naye anajua mara moja kwamba amepata. (Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amefika kwa mshairi, huo ni ushahidi kwamba herufi hazitoi maana bila lugha iliyo nyuma yake.) Akikosea akasema *malega*, sikio lake linakataa, naye anarudia. David Share, katika mwaka 1995, aliliita jambo hili kujifundisha: kila neno linalosimbuliwa na kutambuliwa humwongezea msomaji ujuzi hata mwalimu asipokuwapo. Katika lugha ngeni kipimo hicho cha ndani hakifanyi kazi. Mtoto hana la kulinganisha, hivyo *hifazi* na *hifadhi* kwake ni sawa.

Stadi ya kuunganisha sauti hufundishwa mara moja tu, na inapohamia Kiswahili haianzi upya. Hata hivyo si kila kitu huhama, na mzungumzaji mkutanoni hatakiwi kuahidi kupita kiasi. Cigogo hakina *r*, na mtoto hawezi kutofautisha *mahali* na *mahari* kwa kuandika kabla hajafundishwa kuzitofautisha kwa kusikia. Kiambishi cha *munhu* ni silabi kamili ya konsonanti na irabu, ilhali *m* ya *mtu* ni nazali inayojitegemea kama silabi. Ndiyo maana *mutu* huonekana madaftarini. Kosa hilo lina mantiki, na mwalimu anayeijua mantiki hiyo hulisahihisha kwa dakika chache. Nayo herufi *c*, ambayo katika Cigogo huandikwa kwa sauti ya *ch* ya Kiswahili, huhitaji kuelezwa waziwazi siku ya kuvuka. Msamiati wa Kiswahili hauhami kabisa. Lazima ufundishwe kwa mazungumzo tangu mwanzo, sambamba na kusoma kwa lugha mama.

Ushahidi wa tafiti pia una pande mbili, ingawa upande wa pili husikika kwa nadra mbele ya wazazi. Katika mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza mwaka 1970, wanafunzi waliofundishwa kwa Kiyoruba kwa miaka 6 yote ya msingi walifanya vizuri kuliko waliobadilishiwa lugha baada ya miaka 3, wala hawakubaki nyuma katika Kiingereza. Nchini Kenya, Piper na wenzake waliripoti mwaka 2018 kwamba kufundisha kusoma kwa lugha mama katika madarasa ya mwanzo hakukuongeza ufaulu katika Kiswahili wala Kiingereza kuliko mpango uleule usiokuwa na lugha mama. Matokeo haya mawili hayapingani kwa lazima. Ife lugha ya nyumbani ilibeba masomo yote kwa miaka mingi. Kenya ilipewa muda mfupi. Kwa mzazi wa Mtera maana yake ni kwamba miezi michache ya Cigogo, bila vitabu na bila mpango wa kuvuka, haitarajiwi kuleta matunda yanayotajwa.

Linabaki swali linaloikera hoja yote hapo Mtera: lugha mama ya nani? Bwawa lilijengwa katika miaka ya 1970, na uvuvi ukavuta watu wa makabila mengi katika eneo la Wagogo linalotazamana na Wahehe ng'ambo ya maji. Katika dawati moja anaweza kuketi mtoto wa Cigogo, wa Kihehe, na mwingine aliyelelewa kwa Kiswahili tupu kambini kwa wavuvi. Kwa huyo wa tatu, Kiswahili ndicho lugha mama, na kumwanzishia kwa Cigogo ni kumtia katika shida ileile wanayoondolewa wenzake. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, mkutano unapaswa kuhesabu: kila mzazi aseme mtoto wake anaota, analia na kugombana kwa lugha gani. Hesabu hiyo yaweza kutofautiana kati ya kijiji cha wafugaji na mwalo ulio kilomita chache tu kutoka hapo.