Duaradufu Iliyoinama: Namna ya Kuiondoa xy

Mlinganyo 8x² + 4xy + 5y² = 36 unachora mkunjo gani? Kama si 4xy, jibu lingepatikana papo hapo. Kipande hicho ndicho kinachotuambia kwamba mkunjo umeinama na haukulala sambamba na mihimili yetu. Basi tuuache mkunjo palepale ulipo, tuzungushe mihimili mpaka iufuate.

Tuziite namba zinazozidisha x², xy na y² kwa herufi A, B na C. Pembe ya kuzungusha, θ, inapatikana kwa kanuni hii:

tan 2θ = B/(A − C) = 4/(8 − 5) = 4/3

Hapa wengi huteleza: pembe inayotokana na kanuni hiyo ni 2θ, yaani nyuzi 53 hivi. Tunayoitaka ni nusu yake, karibu nyuzi 26.6. Hatuhitaji hata kukadiria, kwa sababu pembetatu mraba yenye pande 3, 4 na 5 inatupa cos 2θ = 3/5. Kutokana na hiyo, cos θ = 2/√5 na sin θ = 1/√5.

Mihimili mipya tuiite u na v. Zile za zamani zinaandikwa hivi:

x = (2u − v)/√5
y = (u + 2v)/√5

Tukiziweka katika mlinganyo na kufungua mabano, vipande vya uv ni −32, +12 na +20, vyote vikigawanywa kwa 5. Jumla yake ni sifuri. Kinachobaki ni 9u² + 4v² = 36, na tukigawanya kwa 36 tunapata:

u²/4 + v²/9 = 1

Hii ni duaradufu. Kutoka katikati, inafika vipimo 2 kwenye mhimili wa u na vipimo 3 kwenye mhimili wa v. Kwa mihimili ya zamani, urefu wake umelala juu ya mstari y = −2x.

Ukikosea alama za kujumlisha na kutoa katika x na y, uv haitatoweka. Hapo rudi nyuma. Kuna na kipimo kingine: A + C haibadiliki kwa kuzungusha (8 + 5 ni 13, na 9 + 4 ni 13), wala B² − 4AC, ambayo hapa ni −144 kabla na baada.

Alama ya B² − 4AC ndiyo inayotaja aina ya mkunjo: ikiwa hasi ni duaradufu (au duara), ikiwa sifuri ni parabola, ikiwa chanya ni hipabola. Lakini usitoe jina kabla ya kumaliza kazi. Badala ya 36 ukiweka 0 upande wa kulia, B² − 4AC ni ileile −144, ila mchoro unabaki nukta moja tu. Ukiweka −36, hakuna nukta hata moja.