Jumla ya Mbele, Mistari ya Nyuma

Taarifa ya maendeleo ya mradi huandikwa kuanzia nyuma na kusomwa kuanzia mbele. Mhasibu hukaa kwanza na risiti zake, akajaza majedwali ya gharama mstari kwa mstari, kisha huchukua jumla ya kila jedwali na kuipeleka kurasa za mwanzo. Msomaji naye huanza na kurasa hizo za mwanzo, akaona tarakimu chache zilizopangika vizuri na picha ya tangi jipya, akatosheka. Kiambatisho kilichoko ukurasa wa 31 hubaki na weupe wake.

Mimi nimezoea kuanzia huko huko nyuma. Nitaonyesha jinsi ninavyofanya kwa kutumia mradi mmoja wa maji wa kijijini. Mradi wenyewe nimeutunga, ila makosa yaliyomo nimeyakuta kwa macho yangu zaidi ya mara moja, katika taarifa za watu waaminifu kabisa.

Tuseme bajeti ni shilingi 248,000,000. Taarifa ya robo mwaka ina jedwali la muhtasari lenye vifungu vitano. Kisima na pampu vimetumia 64,800,000, tangi 48,500,000, mabomba 91,350,000, vituo sita vya kuchotea maji 27,600,000, na usimamizi pamoja na usafiri 14,250,000. Jumla imeandikwa 246,500,000, na chini yake pana sentensi ya kufurahisha: mradi umebakiwa na salio la shilingi 1,500,000.

Kwanza najumlisha muhtasari wenyewe kwa kikokotoo. Inakuja 246,500,000 barabara. Wengi huishia hapa, wakaweka alama ya vema na kufunga kabrasha. Lakini nilichothibitisha ni kwamba mwandishi anajua kujumlisha tarakimu tano. Kama mojawapo ni ya uongo, jumla yake itakuwa uongo uliojumlishwa vizuri.

Kwa hiyo nafungua kiambatisho. Kina majedwali matano, moja kwa kila kifungu, na kila moja lina jumla yake chini. Naweka rula chini ya kila kifungu cha muhtasari na kutafuta mwenzake nyuma. Kisima kinalingana, mabomba pia, vituo pia, usimamizi pia. Tangi halilingani: mbele ni 48,500,000, nyuma ni 45,800,000. Tofauti ni 2,700,000.

Hapa kuna ujanja mdogo ambao makarani wa zamani waliujua kabla ya kompyuta. Gawanya tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, inawezekana mtu amezipindua tarakimu mbili zilizokaa jirani wakati wa kunakili. Sababu yake ni nyepesi: tarakimu ikihama nafasi moja kwenda kushoto, thamani yake huzidishwa kwa 10, na jirani yake aliyesogezwa kulia hugawanywa kwa 10, kwa hiyo kinachozidi au kupungua daima ni mafungu ya 9. Milioni 2.7 ukiigawanya kwa 9 unapata 300,000 kamili, na ukitazama 48 na 45 zikifuatwa na 5 na 8 unaona kilichotokea: 5 na 8 zimebadilishana viti. Si uthibitisho, maana kila namba moja kati ya tisa hugawanyika hivyo kwa bahati tu. Ni kidole kinachoonyesha pa kuangalia. Najumlisha mistari ya jedwali la tangi, kuanzia saruji na nondo hadi ufundi, napata 45,800,000. Nyuma ndiko kwenye ukweli, na mbele mtu aliteleza.

Sasa tofauti imepatikana na imeelezeka, na huu ndio wakati wa hatari zaidi katika kazi nzima. Mtu akishapata maelezo hujisikia amemaliza. Angesahihisha tangi, akaandika jumla mpya 243,800,000, akatangaza kwamba salio limeongezeka kuwa 4,200,000, na mkutano ungepiga makofi.

Kilichobaki ni kujumlisha mistari ya majedwali yale manne ambayo jumla zake zililingana. Watu huona ni kupoteza muda: kama mbele ni 91,350,000 na nyuma ni 91,350,000, kuna nini tena? Kuna hili, kwamba zinafanana kwa sababu moja ilinakiliwa kutoka kwa nyingine. Kufanana kwa picha na kivuli chake hakutuambii kama aliyepigwa picha ni yeye.

Jedwali la mabomba lina mistari tisa. Mkubwa kuliko yote ni bomba la plastiki la kipenyo cha milimita 90, mita 4,000 kwa shilingi 14,500 kila mita. Nazidisha: 58,000,000, sawa na ilivyoandikwa. Kuzidisha idadi kwa bei ni muhimu kama kujumlisha, maana mstari uliokosewa kwa upande utaingia kwenye jumla ya chini bila kelele. Kisha nashuka na kikokotoo mstari hadi mstari, na mwisho kinanionyesha 97,750,000. Narudia. Ni ile ile. Jumla iliyochapwa ni pungufu kwa 6,400,000.

Natazama tena safu ya kiasi, safari hii si tarakimu zenyewe bali zilivyokaa. Nane zimeegemea kulia kama askari kwenye gwaride. Moja, ya vali na viungo vya bomba, imeegemea kushoto, nayo imeandikwa hivi: 6,400,000/=. Mkwaju na alama ya sawasawa tunavyovichora kwenye risiti tangu shule ya msingi ndivyo vilivyofanya kosa. Eksel ikiona alama hizo haihesabu tena kuwa hiyo ni namba. Huichukua kama neno, sawa na ungeandika “vali”, na fomula ya kujumlisha hulipita neno bila kulalamika. Jicho la binadamu linasoma milioni sita na laki nne, kompyuta haisomi kitu.

Ukiwa na faili lenyewe badala ya karatasi, kuna njia ya kumkamata mkosaji kwa sekunde chache. Kama kiasi kiko safu ya F, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 12, andika fomula hizi mbili kwenye seli tupu:

```
=COUNTA(F4:F12)
=COUNT(F4:F12)
```

Ya kwanza huhesabu seli zote zenye kitu, ya pili huhesabu zenye namba tu. Hapa ya kwanza itatoa 9 na ya pili 8. Hiyo moja iliyopungua ndiyo milioni 6.4. Ukiwa hapo, bofya pia seli ya jumla usome fomula yake inaishia wapi, maana mstari ulioongezwa dakika za mwisho, chini ya mingine yote, mara nyingi huachwa nje ya uzio.

Sasa turudi kwa mtu mwenye haraka. Yeye hajumlishi jedwali kwa jedwali. Anachukua mistari yote ya kiambatisho kwa pamoja, anapata 250,200,000, analinganisha na 246,500,000 ya mbele. Tofauti ni 3,700,000. Atafute mpaka usiku, hatapata risiti wala mstari wowote wa 3,700,000, kwa kuwa haupo. Kosa la tangi limepandisha jumla kwa milioni 2.7, kosa la mabomba limeishusha kwa milioni 6.4, na yakivutana kunabaki milioni 3.7. Hata ujanja wa 9 hautamsaidia: 3,700,000 haigawanyiki kwa 9 bila kubaki kitu. Makosa mawili yanayovutana hufichana, na yakitokea kuwa sawa kwa ukubwa, jumla kuu italingana mpaka senti ya mwisho. Ndiyo maana natembea kifungu kwa kifungu, na silingojei jumla kuu inipe habari.

Si kila tofauti ni kosa, nalo lisemwe. Muhtasari ukiandikwa kwa mamilioni yenye desimali moja, kila mstari unaweza kupishana na kiambatisho kwa shilingi 50,000 kwa sababu ya kukadiria tu. Kwa mistari mitano, hadi 250,000. Na ukiona namba ya nyuma imezidi ya mbele kwa kiasi kinachokushangaza, gawanya kubwa kwa ndogo. Kwa Tanzania Bara, ukipata 1.18, shuku kwamba upande mmoja umeandikwa pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na mwingine bila kodi hiyo. Hapo hakuna kilichopotea, ila taarifa inapaswa kuchagua lugha moja.

Vituo vya kuchotea maji vilinikalisha zaidi kuliko vyote. Hesabu yake haina doa: vituo sita, kila kimoja shilingi 4,600,000 pamoja na ufundi, jumla 27,600,000. Mbele na nyuma sawa, kuzidisha sawa. Lakini ukurasa wa 9 wa taarifa hiyo hiyo, kwenye aya za maelezo ambazo wahasibu hawazisomi na wahandisi hawazihesabu, umesema vituo vinne vimekamilika na viwili vitaanza baada ya mavuno. Vinne kwa bei hiyo ni 18,400,000. Hizo 9,200,000 nyingine ni za nini?

Huenda majibu ni mazuri. Vifaa vya vituo vyote vinaweza kuwa vimenunuliwa mara moja na kuhifadhiwa, jambo ambalo leja ya stoo itaonyesha. Ila basi ufundi wa viwili usingekuwa umelipwa. Huenda mhasibu ameandika ahadi ya mkataba kana kwamba ni malipo. Huenda pia vituo vimelipiwa kabla havijajengwa. Kikokotoo hakiwezi kuchagua kati ya hayo matatu. Mwisho wa uwezo wa karatasi ni hapo. Kinachofuata ni kuomba hati za malipo, kufungua stoo, na kwenda kuhesabu vituo kwa miguu.

Baada ya hapo naandika karatasi moja ya usuluhisho, isiyo na lawama, yenye mistari ambayo mtu yeyote wa kamati anaweza kuifuata kwa kidole. Jumla kama ilivyoripotiwa, 246,500,000. Toa 2,700,000, tangi, tarakimu zilipinduliwa ukurasa wa 3. Ongeza 6,400,000, vali na viungo, mstari haukujumlishwa ukurasa wa 36. Jumla iliyosahihishwa, 250,200,000. Bajeti, 248,000,000. Lile salio la 1,500,000 halipo. Mradi umepita bajeti kwa 2,200,000.

Chini kabisa naacha swali moja bila tarakimu ya jibu: vituo viwili vya baada ya mavuno, vimelipwa tayari au vitalipwa kwa fedha ipi?