Tochi inazima ghafla? Usikimbilie kung'oa kibodi cha betri

Mteja anafika kwa fundi sokoni Mabamba, wilayani Kibondo, na tochi yake ya betri mbili za kuchaji. "Fundi, hii kitu inawaka vizuri kabisa, halafu inazima ghafla kama mtu kabonyeza swichi. Usiku shambani inaniacha gizani."

Fundi anatoa betri, anapima kwa mita. Moja inasoma volti 3.7. Nyingine inasoma sifuri. Anachuna plastiki ya ile ya sifuri na kukuta kibodi kidogo cha duara upande wa chini. Anakikata, anapima tena, na betri ambayo "ilikufa" sasa inaonyesha volti 2.9. Anaichaji, anairudisha. Tochi haizimi tena ghafla. Mteja anaondoka anacheka.

Hali kama hii mafundi wengi wanaifahamu. Tatizo ni kwamba kile kibodi hakikuwa ugonjwa, kilikuwa kinafanya kazi yake. Baada ya kukitoa, mteja amerudi shambani na betri ambayo haina tena wa kuisimamisha.

Betri yenyewe ni ipi?

Ni zile betri ndefu za mviringo zinazoitwa 18650. Namba hiyo ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ziko kwenye tochi za kichwani, taa za sola, spika za kuchaji, pawa benki na ndani ya betri za laptopu nyingi za zamani. Kwa sehemu za vijijini za Kibondo na Kasulu, ambako kazi nyingi za usiku zinategemea tochi na taa za sola, si kifaa kigeni.

Zinakuja kwa namna mbili. Ya kwanza ni tupu, yaani ni kopo la chuma, kemikali ndani na plastiki juu, basi. Ya pili ina ulinzi: chini, upande wa hasi, kimeongezwa kibodi chenye ukubwa wa kitako cha betri, na ukanda mwembamba wa chuma unapanda ubavuni hadi upande wa chanya ili kibodi kipate umeme wa kujiendeshea. Halafu vyote vinafunikwa na plastiki moja.

Ndiyo maana betri yenye ulinzi huwa ndefu zaidi, kwa kawaida kati ya milimita 68 na 70. Ukipitisha kidole ubavuni utahisi mstari wa ule ukanda. Ile chuchu ya juu isikudanganye. Betri tupu nazo huwekwa chuchu, haina uhusiano wowote na ulinzi.

Kibodi kinafanya nini hasa?

Kifikirie kama mlango uliowekwa kati ya kopo la betri na ile sahani ya chini inayogusa springi ya tochi. Umeme wote unaoingia na kutoka lazima upite hapo. Mlango wenyewe ni transista mbili ndogo, moja ya kuzuia umeme usitoke, nyingine ya kuzuia usiingie. Pembeni yake kuna chipu moja inayopima muda wote. Chipu iliyoenea sana kwenye kazi hii inaitwa DW01, na fundi akiangalia kwa kioo cha kukuzia mara nyingi ataiona imeandikwa.

Chipu hiyo inaangalia mambo matatu. Volti ya betri ikishuka hadi kama 2.4, inafunga mlango wa kutoka. Ikipanda kupita kama 4.25 wakati wa kuchaji, inafunga mlango wa kuingia. Na umeme unaotoka ukizidi kiwango, mara nyingi ampea 3 hivi kwa vibodi vya kawaida, au ikitokea shoti, inakata papo hapo.

Hapo pana jambo linalochanganya watu. Betri ya lithiamu inatakiwa kuishia volti 4.2 ikijaa, na kazi ya kuishia hapo ni ya chaja, si ya kibodi. Chaja nzuri inafika 4.2 na kusimama. Kibodi kinasubiri 4.25 au zaidi kwa sababu chenyewe ni mlinzi wa mwisho, wa siku ambayo chaja imeshindwa. Anayetumia chaja mbovu kila siku kwa kutegemea kibodi, anamlaza mlinzi mlangoni na kuacha mlango wazi.

Kwa nini tochi ya betri mbili ndiyo hatari zaidi

Rudi kwa yule mteja. Tuseme betri zake zilitoka sehemu tofauti, kama inavyotokea mara nyingi: moja bado nzima, ina uwezo wa mAh 2,400, nyingine imechoka, imebaki na mAh 900. Zimepangwa moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo umeme uleule unapita kwenye zote mbili. Tochi inakula ampea 1.

Zote zinaanza zimejaa. Baada ya dakika 54 hivi, ile iliyochoka imeisha. Nzima bado ina mAh 1,500, na iko karibu na volti 3.7. Iliyochoka inaporomoka: 2.8, 2.4, 2.0. Ukijumlisha 3.7 na 2.0 unapata 5.7, na tochi inaona jumla tu. Kwake bado kuna chakula, inaendelea kuwaka.

Kama betri ni tupu, hakuna wa kuizuia. Iliyochoka inafika sifuri, na nzima inaendelea kusukuma umeme kupitia ndani yake. Sasa inapita upande wa pili wa sifuri, chanya inakuwa hasi. Hapo, au hata ikiachwa tu chini sana kwa muda mrefu, karatasi ya shaba iliyomo ndani inaanza kuyeyuka kwenye kemikali. Ukiichaji tena, shaba ile inaganda mahali pasipo pake na inaweza kutengeneza shoti ndani ya betri. Huioni kwa nje. Inaweza kuchaji kama kawaida leo, kisha siku nyingine ikapata moto mezani, na kwa bahati mbaya zaidi ikatoa moshi na kulipuka ndani ya bomba la tochi lililofungwa.

Kama ina kibodi, kinachotokea ni kingine kabisa. Iliyochoka inafika 2.4, kibodi kinafunga mlango, umeme wote unakatika. Tochi inazima ghafla, na kwenye mita betri ile inasoma sifuri. Ndiyo yale malalamiko ya mteja, neno kwa neno.

Dawa yake haikuwa kukata kibodi. Ilikuwa kubadilisha betri iliyochoka, na kuweka mbili za aina moja, umri mmoja, zilizochajiwa pamoja.

Inasoma sifuri. Imekufa au imelala?

Betri yenye ulinzi iliyojifunga husoma sifuri, au karibu na hapo, kwa sababu mita inapima nje ya mlango. Nyingi zinaamka zikiwekwa kwenye chaja, kwa kuwa mlango wa kuingia haujafungwa. Chaja zinazojipima zenyewe wakati mwingine zinaikataa zikidhani hakuna betri, wakati zile rahisi zinaisukuma tu na inaamka.

Fundi anayetaka kujua hali halisi kabla ya kuchaji anaweza kupima kwenye kopo lenyewe. Anainua plastiki kidogo sana juu tu ya kibodi, anagusisha ncha hasi kwenye chuma cha kopo na ncha chanya juu. Kazi hiyo inataka mkono uliotulia, maana ule ukanda wa ubavuni ni chanya na kopo lote ni hasi. Ncha ikiteleza na kuviunganisha, ni shoti ambayo kibodi hakiioni, kwa sababu imetokea ndani ya mlango.

Ikisoma 2.5 na kwenda juu, ichajiwe taratibu huku ikiangaliwa. Ikiwa chini ya 2 na haijulikani imekaa hivyo tangu lini, iachwe. Mchezo wa kuigusisha na betri nyingine iliyojaa ili "kuishtua" ni wa kuacha, kwa sababu hakuna kinachopima umeme unaoingia.

Si kila mahali panahitaji betri yenye ulinzi

Pawa benki na taa nyingi za sola zina bodi ya ulinzi ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo zinatengenezwa na betri tupu na hiyo si kasoro. Laptopu vilevile: pakiti nzima ina bodi moja inayolinda betri zote. Ila ukizichomoa na kuziuza mojamoja, bodi inabaki kwenye pakiti. Unachonunua ni betri tupu, hata kama ilitoka kwenye mashine ya bei kali.

Na drili ya kuchaji? Inavuta ampea nyingi kuliko kibodi kidogo kinavyoruhusu. Ukiweka betri yenye ulinzi, itakata kila ukibonyeza.

Mafundi wanaotengeneza taa wenyewe wanaijua bodi ya kuchajia ya TP4056, ile ndogo, nyingi zikiwa za buluu. Ipo ya aina mbili. Yenye sehemu za `B+` na `B-` tu upande wa betri inachaji, lakini hailindi. Yenye `B+`, `B-`, `OUT+` na `OUT-` ina chipu ya ulinzi pia. Kosa linaloonekana dogo ni hili: fundi ananunua ile ya pili, halafu anaunga waya hasi wa taa kwenye `B-` badala ya `OUT-`. Taa inawaka, chaji inaingia, kila kitu kinaonekana sawa, kumbe umeme unapita nyuma ya mlango. Waya hasi wa taa lazima utoke `OUT-`.

Vitu ambavyo kibodi hakiwezi

Kibodi cha kawaida hakipimi joto. Hakijui kama betri imeangushwa na kubonyea. Hakiwezi kuzima shoti iliyotokea ndani ya kopo, kwa kuwa umeme huo haupiti mlangoni. Na hakibadilishi betri feki kuwa nzuri: 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo, yawe na ulinzi au yasiwe, kwani hata zile nzuri zilizozoeleka huishia kama 3,500.

Chenyewe pia kinaharibika. Ukilazimisha betri ya milimita 70 kwenye nafasi ya 65, springi inakikandamiza hadi sehemu zake zinapasuka, na kinaweza kukata moja kwa moja au kuacha kukata kabisa.

Kwa hiyo ukienda kununua betri ya tochi yako, nenda na ile ya zamani na rula. Pima urefu wa nafasi, pima na betri. Muulize muuzaji kama zina kibodi, kisha pitisha kidole ubavuni uutafute ule mstari mwenyewe.