Fundi na wanafunzi wake: jinsi gereji inavyopanua mtandao wake

Fundi magari anayefundisha vijana hujenga mtandao ambao tangazo la barabarani haliwezi kumpa. Katika maeneo yenye gereji nyingi, kama Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mafundi wengi hawakupita chuo. Walianza wakiwa spana boi chini ya fundi mkubwa, wakakaa naye miaka kadhaa, kisha wakajitegemea. Kila anayeondoka hufungua kibanda chake au kuajiriwa kwingine. Fundi aliyewalea vizuri hujikuta ana watu wake kila kona ya mji, na ndio wanaompigia simu injini inapowashinda.

Jambo hilo lina sababu ya kiufundi. Gari la leo halimilikiwi na ujuzi wa mtu mmoja. Yupo wa injini, wa umeme, wa giaboksi, wa bodi na rangi. Vifaa navyo ni ghali: mashine ya kusomea hitilafu za kompyuta ya gari au spana ya kupimia nguvu ya kukaza bolti havipatikani katika kila gereji. Kijana aliyejitegemea majuzi atahitaji kuazima, kuuliza na kuhamishia mteja kwa mwingine. Atamwendea nani kwanza? Mara nyingi ni yule aliyemfundisha, mradi waliachana kwa wema. Na kazi anayompelekea huwa ile ngumu, yenye malipo mazuri, kwa kuwa nyepesi huimaliza mwenyewe.

Namna ya kufundisha ndiyo huamua kama hayo yatatokea. Miezi ya mwanzo kijana huosha vipuri na kuleta spana. Wengi hudhani huko ni kutumwa tu, lakini kijana akiambiwa kila mara spana aliyoleta inafungua nini, baada ya muda mfupi anaitambua namba 10, 12, 14 au 17 kwa kuitazama bolti, na anajua ipi ni ya kifuniko na ipi ni ya mguu wa injini. Asipoambiwa, atabeba spana mwaka mzima bila kujifunza kitu zaidi ya kubeba. Hapa ndipo gereji nyingi hukosea. Kijana huwa mtu wa kununua chai na vocha, naye akiondoka hana la kumshukuru mtu.

Kazi inayoonyesha vizuri tofauti ya kufundisha na kutuma ni kubadilisha gasketi ya silinda hedi. Tuseme gari dogo la silinda nne limeletwa linachemsha. Maji ya rejeta yanapungua ingawa hayavuji nje, na oili kwenye kifuniko cha injini imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi anayelea humwita kijana aone dalili hizo kabla ya kumwambia jibu. Maji yameingia kwenye oili, na gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Injini nyingi za aina hiyo hufungwa hedi kwa bolti 10. Kufungua huanzia pembeni kuelekea katikati, kila bolti ikilegezwa kidogo kidogo kwa zamu. Kufunga ni kinyume chake: huanzia katikati kwenda pembeni, tena kwa awamu, hadi kipimo alichoweka mtengenezaji. Kijana akizifungua kwa kufuata mstari, bolti moja hadi mwisho kisha inayofuata, hedi inaweza kupinda. Kwa hiyo kabla ya kurudisha, fundi humpa rula ya chuma iliyonyooka na bamba jembamba la kupimia mwanya, naye aipitishe juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa kukingama. Katika injini nyingi ndogo mwanya unaovumiliwa ni karibu milimita 0.05 tu. Ukizidi hapo, hedi inapelekwa kusawazishwa kwenye mashine, na gasketi mpya haitasaidia kitu bila hivyo.

Mara ya kwanza kijana hutazama na kushika taa. Mara ya pili hufungua bolti, fundi akihesabu. Mara ya tatu hufunga mwenyewe, na fundi huja kukagua kwa spana yake. Hatua hii ya tatu ndiyo mafundi wengi huikwepa kwa kuogopa hasara, na hofu hiyo ina msingi. Gasketi ikiungua tena baada ya wiki, gharama ni ya gereji. Dawa yake ni ukaguzi. Fundi hugusa kila bolti kabla injini haijawashwa, na kosa likionekana kijana hulirekebisha yeye mwenyewe.

Linalobaki ni mahali pa kusahihishia. Mteja akiwa amesimama pale, fundi mwenye busara husema, “Dogo, hebu tuzipitie tena hizi bolti,” na kijana hujibu, “Sawa, mwalimu.” Ukali, ukihitajika, husubiri mteja aondoke. Kijana aliyeaibishwa mbele ya watu hujifunza kuficha makosa, na kosa lililofichwa kwenye injini hujulikana barabarani, gari likiwa limezima njiani na familia ndani. Upo pia upande wa mteja: akiona fundi mkuu anakagua kwa utulivu kazi ya mdogo wake, humwamini zaidi yeye na gereji nzima.

Mtandao wenyewe hukua kijana anapotambulishwa. Fundi humtuma duka la vipuri kwa jina lake ili muuzaji amzoee, humwachia mteja wa kumbadilishia oili na breki, na humwacha azungumze na mteja huyo mwenyewe. Hapo wapo watakaomfuata kijana akihama. Hiyo ni hasara ya kweli na haifai kufichwa. Hata hivyo mara nyingi ni wateja wa kazi ndogo, na wakipata tatizo kubwa gari hurudi kwa mwalimu, likiletwa na kijana yuleyule au likitanguliwa na picha ya injini kwenye Wasapu. Anayevunja uhusiano huo mara nyingi ni fundi mwenyewe, anapomnyima kijana posho aliyomwahidi au kumtangaza kuwa mwizi wa wateja siku anapoaga.

Njia hii ina mipaka. Fundi mmoja hawezi kuwakagua vijana wengi kwa wakati mmoja. Akiwa na watatu tayari kuna injini itakayofungwa bila yeye kuiangalia. Pia hawezi kufundisha asichokijua, na mafundi wengi wa zamani hawajazoea magari yenye mifumo mingi ya kompyuta. Aliye mwungwana humpeleka kijana kwa fundi umeme wa jirani akakae huko miezi michache, na kwa kufanya hivyo gereji mbili zinakuwa na undugu.

Kijana akikomaa, bado hukosa karatasi ya kuonyesha mbele ya mwajiri. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti wanaofaulu. Fundi mwenye mwanafunzi aliyeiva ampe siku za kwenda kupimwa, na asimkate posho kwa siku hizo.