Kukuza picha ndogo: bilineari, bikubiki ao Lanczos?

Mu kazi yangu ya kutengeneza na kuchapa picha, kuna ombi moja lenye linarudi sana. Familia imepoteza mutu, imebaki na picha yake moja tu, ndogo, yenye ilitumwaka ku WhatsApp. Sasa wanataka iingie mu fremu ya A4 siku ya matanga. Hakuna namna ya kupiga ingine. Njo maana njia ya kuikuza si kitu cha kuchagua ovyo.

Tuseme picha iko na pikseli 600 kwa 800. Ukiitandaza ku upana wa sentimita 21, kila pikseli inachukua milimita 0,35, na jicho linaanza kuona viraka, zaidi ku kope na midomo. Tukiikuza mara 3, tunafika ku 1800 kwa 2400. Lakini zile pikseli za kuongezeka, kamera haikuziona hata siku moja. Logisyeli inazikisia kwa kuangalia jirani zao. Bilineari, bikubiki na Lanczos ni namna tatu za kukisia. Bilineari inauliza jirani 4, bikubiki 16, na Lanczos ya kawaida 36.

Tuone tofauti kwa mufano mudogo. Marehemu amevaa koti nyeusi juu ya shemizi nyeupe. Tukate mustari mumoja wa pikseli fasi koti inakutana na shemizi. Mwangaza wake ni 50, 50, 50, kisha 200, 200, 200, na inaendelea vile pande zote mbili (0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa). Tukisie pikseli moja mupya katikati ya kila jirani wawili.

Bilineari inagawanya tu kwa 2. Karibu na mupaka tunapata 50, 50, 125, 200, 200. Hakuna kitu cha ajabu, lakini mupaka unakuwa laini, na picha nzima inaonekana kama iko na ukungu.

Bikubiki inachukua jirani wane ku mustari: wawili wa karibu wanapewa 9/16 kila mumoja, na wawili wa mbali wanapewa −1/16. Ile alama ya kutoa njo siri yake. Fasi jirani ni 50, 50, 50, 200, hesabu inatoa 41, si 50. Upande wa shemizi inatoa 209. Kwa hiyo mustari ni 50, 41, 125, 209, 200. Weusi umezidi kidogo mbele ya mupaka, weupe umezidi kidogo nyuma yake, na jicho linasema: picha iko wazi.

Lanczos, yenye kubeba jina la mwanahesabu Cornelius Lanczos, inafanya vile kwa nguvu zaidi: 54, 33, 125, 217, 196. Mupaka uko mukali kupita zote. Lakini angalia 54 na 196: ni wimbi la pili, lenye halikukuwa mu picha. Ku karatasi linatokea kama kivuli chembamba kando ya kola ao ya miwani.

Basi, gani ya kuchagua? Kama picha ni safi, imetoka moja kwa moja mu kamera, Lanczos inafaa. Lakini picha ya WhatsApp imekamuliwa kwa JPEG, yenye inaikata mu miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuacha uchafu mudogo kando ya mipaka. Lanczos inanoa hata ule uchafu. Kwa picha kama hiyo mimi nachukua bikubiki. Bilineari naiweka kwa picha yenye punje nyingi, ya kupigwa usiku, fasi ukungu kidogo unasaidia sura.

Muchunge majina pia. Mu ImageMagick, `Cubic` ni njia ingine yenye kulainisha sana; bikubiki ya hesabu yetu inaitwa `Catrom`, na bilineari inaitwa `Triangle`. Jaribu hivi:

```
magick picha.jpg -filter Catrom -resize 300% a.png
magick picha.jpg -filter Lanczos -resize 300% b.png
```

Kuza mara moja tu kutoka faili ya kwanza. Ukikuza kidogo kidogo kwa JPEG, kila hatua inaongeza uchafu wake. Kisha fungua a na b kwa 100%, uangalie kola, miwani na mustari wa nywele. Ukiona kamustari keupe ao keusi kenye hakakukuwa, rudi ku njia laini zaidi.

Hata moja kati ya hizi tatu haiwezi kurudisha kope lenye halikuandikwa mu pikseli 600. Kwa hiyo, mbele ya kukuza, uliza kwanza familia: yule alipiga picha angali na faili yenyewe mu simu? Aitume kama dokima, si kama picha. Faili ile inashinda Lanczos.