Siku ya Saba na Siku Saba: Umri wa Mtoto Mchanga Nyumbani na Kliniki

Mtoto anapozaliwa katika nyumba zetu huanza kuhesabiwa mara mbili kwa wakati mmoja. Nyumbani bibi anahesabu siku za akika. Kliniki muuguzi anahesabu siku za umri. Hesabu hizi mbili hupishana kwa siku moja, na akina mama wengi hudhani kwamba mmoja kati ya wawili hao amekosea. Hakuna aliyekosea. Tofauti imo katika neno dogo sana la lugha yetu, nalo ni "ya". Siku ya saba si sawa na siku saba.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Mtoto amezaliwa Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Akika husuniwa kuchinjwa siku ya saba, kama ilivyokuja katika hadithi ya Samura bin Jundub (Allah amridhie), na katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, kauli iliyotiliwa nguvu ni kuwa siku ya kuzaliwa nayo huhesabiwa. Imamu Nawawi ameieleza katika Al-Majmuu. Basi Alhamisi ni siku ya kwanza, Ijumaa ya pili, na siku ya saba ni Jumatano, tarehe 10. Hapo tunahesabu siku zenyewe, moja baada ya nyingine, na katika kuhesabu vitu hakuna cha sifuri: kitu cha kwanza ni kimoja.

Muuguzi hahesabu vitu. Yeye anapima muda uliokwisha kupita, kama vile sisi sote tunavyofanya katika miaka. Mtoto hatuwezi kumwita wa mwaka mmoja siku ile anayozaliwa, tunangoja autimize. Kwa hiyo Alhamisi ile, mbele ya muuguzi, mtoto ana siku sifuri. Ijumaa ana siku 1, na Jumatano ya akika ana siku 6. Huu ndio mtindo wa Shirika la Afya Duniani: siku ya kuzaliwa ni siku ya sifuri, na umri wa siku hiyo huandikwa kwa saa au hata dakika, siku ya pili ni 1, na uchanga humalizika siku ya 27. Ukihesabu kuanzia sifuri hadi 27 utapata siku 28 kamili. Vivyo hivyo wiki ya kwanza ya kliniki ni siku 0 hadi 6. Ni siku zile zile saba za akika, ila zimepewa nambari nyingine.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika wiki yetu zimo siku mbili zenye jina la tano: Jumatano, iliyohesabiwa kuanzia Jumamosi, na Alhamisi, iliyotoka katika Kiarabu na kuhesabiwa kuanzia Jumapili. Tumeishi na hesabu mbili zilizopishana kwa siku moja kwa karne nyingi, na hakuna aliyekosa Swala ya Ijumaa kwa sababu hiyo.

Kwenye dawa, hata hivyo, siku moja ina uzito. Tuseme mtoto wetu, mwenye kilo 3, anaugua homa kali Jumatano ile na kupelekwa hospitali. Daktari akiamua apigwe sindano ya jentamisini, kipimo hutegemea kama mtoto yumo bado katika wiki ya kwanza. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyezaliwa na uzito wa kawaida hupewa miligramu 5 kwa kila kilo katika wiki ya kwanza, na miligramu 7.5 kwa kila kilo baada ya hapo, mara moja kwa siku. Mama akisema "ana siku saba", kwa maana ya siku ya saba, na mwandishi akaandika 7, mtoto aliyestahiki miligramu 15 ataonekana kustahiki 22.5. Dawa hii hutolewa mwilini na figo, na za mtoto mchanga bado ni dhaifu. Ndiyo maana kipimo cha mwanzo ni kidogo. Kwa sababu hiyo muuguzi hatosheki na idadi ya siku anayotajiwa. Huuliza tarehe, kisha hufungua kitabu cha mama na mtoto kuihakikisha.

Tusifiche kwamba hospitali nazo hutumia hesabu zote mbili. Maziwa ya mtoto asiyeweza kunyonya hupangwa kwa "siku ya 1", "siku ya 2", kama akika, ilhali umri wake kwenye faili huandikwa kuanzia sifuri. Mama aliyelazwa na mwanawe akiona nambari mbili katika karatasi mbili, aulize kila moja inahesabu nini.

Usiku ndio unaotatiza zaidi. Kwetu siku huingia magharibi, na wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa. Rejista ya hospitali hubadilisha tarehe saa sita za usiku. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku huandikwa wa Alhamisi tarehe 4, lakini kwa akika siku yake ya kwanza ni Ijumaa, mchana unaofuata usiku ule, na juu ya hili Imamu Nawawi anasema hapana hitilafu. Siku yake ya saba ni Alhamisi tarehe 11. Akika ya mtoto wa usiku, basi, huangukia siku ambayo kliniki nayo inasema ana siku 7. Aliyepitwa na siku ya saba asihuzunike, kwani akika haifutiki kwa kuchelewa.

Mtoto huyo wa usiku anatuonyesha pia mahali ambapo siku hazitoshi. Ijumaa saa kumi jioni bibi anamwona macho na uso vimekuwa vya manjano. Nyumbani wanasema yumo siku ya pili. Kitabu kinasema siku 1. Na kila mmoja amesikia kwamba manjano ya siku ya pili au ya tatu ni ya kawaida. Zihesabiwe saa: tangu saa tatu usiku hadi saa kumi jioni ni saa 19. Manjano yanayotokea kabla ya saa 24 kutimia ni dalili ya hatari, na mtoto apelekwe hospitali jioni ile ile, asingojewe kuanikwa juani asubuhi. Ndiyo sababu saa ya kuzaliwa iandikwe pamoja na tarehe, tena itajwe kama ni ya mchana au ya usiku.

Mwisho ni arobaini. Kwa mtoto wetu wa Alhamisi asubuhi, siku ya arobaini ni Jumatatu tarehe 13 Oktoba, na familia nyingi hupenda kuunganisha kutoka nje kwa mama na safari ya kliniki. Chanjo za wiki sita hutaka siku 42 zilizotimia, na hizo hutimia Alhamisi tarehe 16. Anayekwenda Jumatatu huenda akarudishwa. Njia nyepesi ni kuziacha nambari na kuhesabu Alhamisi: ile ya kuzaliwa haimo, na ya sita baada yake ndiyo siku ya chanjo.